UZI: Muuzaji na mnunuzi tulikosea wote kuhusu hifadhi ya barabara. Mkataba unavunjika au hauvunjiki?

Mnunuzi wa Kandokando
Wakuu salaam. Naomba mawazo ya wenye kujua sheria, na wasiojua pia.

Mwaka jana nilinunua kiwanja kando ya barabara kuu, mkoa wa Morogoro. Mita 20 mbele, mita 25 kwenda ndani. Bei milioni 14. Nimelipa 10, zimebaki 4. Muuzaji ni mzee wa heshima zake, kiwanja anacho tangu 1991, na tuliandikishana mbele ya mwenyekiti wa mtaa na mashahidi.

Kabla ya kulipa tulishika tepu mimi na mzee, tukapima kutoka mstari mweupe wa katikati ya barabara mpaka mwanzo wa kiwanja. Ikasoma mita 23. Mzee akasema "hifadhi ni mita 22 na nusu, kwa hiyo tuko nje, jenga fremu zako". Na mimi nilikuwa naamini hivyohivyo, ndivyo nilivyosikia tangu utotoni.

Mwezi uliopita watu wa barabara wamepita na kibanda cha zamani kilichomo ndani ya kiwanja wamekichora X ya kijani. Nikaambiwa hifadhi ni mita 30 kutoka katikati. Maana yake mita 7 za mbele siruhusiwi kujenga, na fremu nilitaka kuziweka hapohapo.

Mzee hakunidanganya, tulikosea wote. Je, kukosea kwa pamoja kunaniruhusu kurudisha kiwanja na kuchukua milioni 10 zangu? Kijana wake anadai milioni 4 zilizobaki kila Jumamosi.

Kaka wa Msamvu
Mkuu hiyo nyepesi. Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, kifungu cha 20: pande zote mbili zikikosea kuhusu jambo la msingi, mkataba ni batili. Batili maana yake haujawahi kuwepo. Chukua hela yako, mpe mzee kiwanja chake, mmalizane kwa amani.

Simba wa Uzi
Huyo mzee ni tapeli, nenda polisi. Kuuza eneo la barabara ni jinai. Shangazi yangu aliuziwa kiwanja ambacho kilikuwa na mwenyewe, yule aliyeuza akatokomea.

Mnunuzi wa Kandokando
@Simba wa Uzi soma tena mkuu. Mzee hajatokomea, juzi tumekunywa naye kahawa. Kiwanja kilikuwa chake, hilo halina ubishi.

Wakili wa Mikese
Habari za jioni. @Kaka wa Msamvu umekitaja kifungu sahihi, ila umeruka maneno mawili yanayobeba kesi yote. Kifungu cha 20 kinasema kukosea kuhusu *jambo la hakika* ambalo ni la msingi kwa makubaliano. Yaani jambo la dunia hii: ng'ombe yupo hai au amekufa, kiwanja kina ukubwa gani, meli imezama au haijazama.

Kisha geuza ukurasa usome kifungu cha 21. Mkataba haubatilishwi kwa sababu watu walikosea kuhusu *sheria* inayotumika Tanzania. Sasa tazama mlichokosea wewe na mzee. Tepu ilisoma 23, na hapo hamkukosea. Mlichokosea ni kudhani sheria inasema 22.5 wakati Sheria ya Barabara ya 2007 na kanuni zake zimeipeleka hifadhi ya barabara kuu kuwa mita 60 kwa jumla, 30 kila upande. Kabla ya hapo ilikuwa 45, ndiyo ile 22.5 mliyoizoea.

Kwa sura hiyo, kosa lenu ni la sheria. Na kosa la sheria ya nchi hii halikutoi kwenye mkataba hata mkikosea wote wawili pamoja na mwenyekiti wa mtaa.

Kaka wa Msamvu
Dah. Kwa hiyo raia anatakiwa ajue kanuni zote za barabara?

Wakili wa Mikese
Sheria inachukulia kwamba anajua, ndiyo. Ni kali, sikatai. Sheria ya India ya 1872, ambayo yetu ya 1961 imefuata nyayo zake karibu kifungu kwa kifungu, inatoa mfano wa watu wawili wanaofanya mkataba wakiamini deni fulani limeshapitwa na muda wa kudaiwa, kumbe halijapitwa. Mkataba unabaki. Ajabu ni kwamba wangekosea kuhusu sheria ya nchi nyingine, tuseme wameuziana mzigo wakidhani Zambia hairuhusu kuuingiza kumbe inaruhusu, hapo kosa linahesabiwa kama la jambo la hakika. Sheria ya kwako unatakiwa uijue, ya jirani huna lawama.

Mwana wa Kiambu
Hamjambo ndugu zetu wa Tanzania. Huku Kenya mambo si hivyo kabisa. Sisi hatuna orodha ya vifungu kama nyinyi. Sura ya 23 inasema tu sheria ya mikataba ya Uingereza ndiyo itakayotumika hapa. Na Uingereza yenyewe, mwaka 1998, kwenye kesi ya benki ya Kleinwort Benson na Halmashauri ya Jiji la Lincoln, majaji wakuu waliitupa ile kanuni kwamba pesa iliyolipwa kwa kukosea sheria hairudi. Walisema mtu aliyelipa akiamini sheria inamtaka alipe, kumbe haimtaki, anaweza kuidai. Sasa mbona nyinyi mmebaki na ukuta kati ya sheria na jambo la hakika?

Wakili wa Mikese
@Mwana wa Kiambu karibu sana. Sababu ni kwamba kwetu kanuni hiyo imeandikwa na Bunge, na jaji hawezi kuifuta kwa sababu Uingereza wamebadili mawazo. Na kumbuka, ile kesi ya 1998 ilikuwa ya kurudishiwa pesa iliyolipwa. Kuvunja mkataba wa kuuza mali ni hatua nyingine.

Mwana wa Kiambu
Kweli, lakini baada ya hapo mahakama za huko zimekubali kwamba hata mkataba unaweza kuguswa na kosa la sheria. Ila upenyo ni mwembamba. Kosa lazima lifanye kile mlichokubaliana kisiwezekane kabisa. Kesi ya meli ya *Great Peace* ya 2002 ndiyo iliyokaza hapo. Meli moja iliharibika katika bahari ya Hindi, watu wakakodi *Great Peace* iende kuwapa ulinzi mabaharia wakiamini ziko maili 35 hivi kutoka ile mbovu. Kumbe ni kama maili 410. Waliokodi wakataka kutoka, mahakama ikakataa: umbali ulikuwa tofauti, ila meli ingeweza kufika bado ikafanya kazi. Walipe.

Ukipima kwa mizani hiyo, kiwanja cha ndugu yetu bado kiwanja. Mita 18 kwa 20 zimebaki.

Mfugaji wa Mpwapwa
Wakuu mmeanza na barabara mmefika baharini, ngoja niwarudishe zizini. Chuoni tulisomeshwa kesi ya ng'ombe ambayo sijaisahau. Michigan, Marekani, 1887, Sherwood dhidi ya Walker. Ng'ombe wa damu ya Angus, jina lake Rose wa Pili wa Aberlone, anaaminika tasa. Akauzwa kwa bei ya nyama, senti tano na nusu kwa ratili, jumla kama dola 80. Kabla mnunuzi hajamchukua, muuzaji akagundua ana mimba. Ng'ombe wa uzao kama yule alikuwa wa dola 750 mpaka 1,000. Muuzaji akagoma kumtoa na mahakama ikamkubalia: ng'ombe tasa na ng'ombe mzazi si kiumbe kile kile, waliuziana kitu ambacho hakikuwepo.

Fremu za biashara na bustani ya mchicha si kitu kile kile pia. Ndugu yetu alinunua eneo la fremu.

Kaka wa Msamvu
Huyo ndiye ng'ombe wa kwanza kuingia kwenye uzi wa viwanja. Lakini ananiunga mkono.

Wakili wa Mikese
Anakuunga mkono nusu. Sheria yetu imeweka wazi kwamba kukosea kuhusu *thamani* ya kitu hakuhesabiki kuwa kosa la jambo la hakika. Kwa hiyo hapa Tanzania ugomvi wa kwanza ungekuwa: utasa wa Rose ni hali yake au ni bei yake tu? Walio wengi walisema ni hali yake. Jaji aliyepinga aliona mnunuzi hakuamini kabisa kwamba ni tasa, alifikiri huenda akapata ndama. Kama ni hivyo, hapakuwa na kosa la wawili hata kidogo. Mmoja alikosea, mwingine alibahatisha.

Hilo likae akilini, kwa sababu kifungu cha 22 kinasema mkataba hauvunjiki kwa kuwa tu upande *mmoja* ulikosea.

Bi Duka la Sabasaba
Hapo kwenye upande mmoja ndipo panaponiuma. Mimi nauza vyombo vya umeme mtandaoni. Niliandika friji ya milango miwili 68,000 badala ya 680,000. Ndani ya dakika chache mtu mmoja akaagiza friji nane, akatuma na hela, halafu akaandika "mkataba umeshafungwa dada". Mwingine aliagiza moja, akanipigia kwanza kuuliza kama bei ni kweli. Huyo wa nane ananidai mpaka leo. Kwa kifungu hicho cha 22 nimekwisha?

Wakili wa Mikese
Hujaisha, Bi Duka. Kifungu cha 22 kinasema "kwa kuwa tu". Kosa lako peke yako halitoshi, ila ukiongeza kwamba yeye *alijua* umekosea, habari inabadilika. Kuridhiana ni kukubaliana kitu kile kile kwa maana ile ile, kifungu cha 13. Mtu anayeona sifuri imedondoka akakimbilia kuagiza nane hajakubaliana na wewe.

Uingereza 1939, Hartog dhidi ya Colin na Shields. Wauzaji wa ngozi za sungura wa porini kutoka Ajentina waliandika bei kwa ratili badala ya kwa kipande. Ratili moja inaingia kama vipande vitatu, kwa hiyo bei ilishuka karibu mara tatu, wakati mazungumzo yao yote ya nyuma yalikuwa kwa kipande. Mnunuzi akadaka. Mahakama ilisema hakuweza kuamini kwa moyo safi kwamba ile ndiyo ofa. Alishindwa.

Simba wa Uzi
Ila tukisema hivyo kila muuzaji akijuta atasema "nilikosea kuandika".

Bi Duka la Sabasaba
Ndiyo maana nimehifadhi ujumbe wa yule aliyeuliza. Unaonyesha mtu wa kawaida alishtuka. Asante wakili, nisiwaharibie uzi.

Fundi Tepu
Salaam. Mimi ni mpima ardhi, sheria nawaachia wenyewe. Ila kuna kitu mmekipita wote mbio. @Mnunuzi wa Kandokando, mlipima kutoka mstari mweupe. Mbele ya kiwanja barabara ina njia ngapi?

Mnunuzi wa Kandokando
Tatu. Pana kilima, kwa hiyo upande wa kupanda wameongeza njia ya malori. Sisi tuko upande wa kushuka.

Fundi Tepu
Nilijua. Mstari unaotenganisha wanaopanda na wanaoshuka si lazima uwe katikati ya barabara kwa hesabu ya hifadhi. Hifadhi inapimwa kutoka mstari wa kati wa michoro ya barabara. Njia ya malori inapoongezwa, rangi husogezwa ili magari yakae sawa, na mstari wa kwenye michoro hausogei. Unaweza kukuta tofauti ya mita moja, hata mbili, kuja upande wako au kwenda upande wa pili. Hata tepu yenyewe, mkiivuta kwenye mteremko bila kuilaza sawa, inasoma zaidi ya umbali halisi. Mnazungumzia nusu mita kati ya 22.5 na 23. Mimi nisingeweka saini kwa nusu mita ya tepu iliyovutwa na watu wawili barabarani huku malori yanapita.

Kaka wa Msamvu
Haya! Wakili, si umesema tepu haikukosea? Kama umbali wa kweli ni 22, basi walikosea jambo la hakika. Kifungu cha 20 kimerudi.

Wakili wa Mikese
Hoja nzuri, na namshukuru fundi, hili sikuliona. Kama mstari wa kweli uko karibu zaidi na kiwanja kuliko walivyodhani, basi walikosea vitu viwili: umbali, ambao ni jambo la hakika, na upana wa hifadhi, ambao ni sheria.

Lakini jiulize kosa lipi ndilo lililoleta hasara. Kwa hifadhi ya 22.5, umbali ukiwa 22 kiwanja kingepoteza nusu mita kati ya 25. Nani angevunja mkataba wa milioni 14 kwa sababu hiyo? Hasara inaletwa na mita 7, na hizo zinatoka kwenye sheria. Kosa la hakika lazima liwe la *msingi*. Nusu mita naiona nyembamba mno kubeba mzigo huo.

Fundi Tepu
Na ikiwa mstari umesogea kwenda upande wa pili, umbali wako ni 24 na kitu, unapoteza mita tano na ushee badala ya saba. Nenda ofisi ya barabara ya mkoa uombe wakuonyeshe mstari wa kati, au waje na mpima wao. Kabla ya hapo mnabishana juu ya namba ambayo hamna.

Dada Karani
Naomba niingie. Nimefanya kazi masijala ya mahakama miaka kadhaa. Kuna mlango ambao mawakili waliutumia sana kukwepa hili la kosa la sheria. Wanasema kukosea kuhusu *haki ya mtu binafsi* kunahesabiwa kama jambo la hakika. Asili yake ni kesi ya Cooper dhidi ya Phibbs, 1867. Mtu alikodi eneo la kuvulia samaki huko Ayalandi kutoka kwa ndugu zake, baadaye ikaonekana eneo lilikuwa lake mwenyewe tangu zamani. Kosa lilitokana na kutofahamu sheria na nyaraka za familia, ila mahakama ilisema kutojua sheria kunakokataliwa ni kutojua sheria ya jumla ya nchi. "Hiki ni cha nani" ni swali la hakika.

Kwa hiyo ningeuliza hivi: mzee na mnunuzi walikosea kuhusu "sheria ya barabara inasemaje", au walikosea kuhusu "hizi mita 7 nani ana haki ya kuzitumia"?

Kaka wa Msamvu
La pili! La pili!

Wakili wa Mikese
Dada Karani amelileta jambo zito, na ningekuwa wakili wa mnunuzi ningelitumia. Ningekuwa wa mzee ningejibu kwamba mita 7 bado ni za mzee kwa jinsi alivyozimiliki 1991, ndiyo maana X ni ya kijani na si nyekundu. Nyekundu ni kwa waliojenga ndani ya ile 22.5 ya zamani, hao wanaondoka bila kulipwa. Kijani ni kwa waliokutwa na upanuzi wa 2007, hao wanahesabiwa kustahili fidia eneo likihitajika. Kwa hiyo mzee aliuza alichonacho. Kilichobadilika ni ruhusa ya kujenga, na hiyo imetoka kwenye sheria ya jumla inayomhusu kila mtu aliye kando ya barabara kuu.

Mfugaji wa Mpwapwa
Kwa hiyo ng'ombe wangu umemchinja.

Wakili wa Mikese
Nimemfunga kamba tu. Mahakama ya juu ya Michigan yenyewe ilimfunga mwaka 1982, kwenye kesi inayofanana na hii kuliko ya Rose. Familia iliuziwa jengo la kupangisha, siku chache baadaye maji machafu yakaanza kuibuka kutoka ardhini. Mwenye mali wa zamani kabisa alikuwa amechimba shimo la choo kinyume cha kanuni, na muuzaji na mnunuzi wote hawakujua. Idara ya afya ikafunga jengo. Kosa la wote wawili, la hakika, na la msingi kweli kweli maana jengo halikaliki tena. Bado mnunuzi alishindwa, kwa sababu mkataba ulikuwa na mstari mmoja: mnunuzi ameikagua mali na anaipokea katika hali iliyopo. Mahakama ikasema mstari huo ulishaamua nani atabeba kisichojulikana.

@Mnunuzi wa Kandokando, tafadhali angalia karatasi yako. Kuna mstari wa namna hiyo?

Mnunuzi wa Kandokando
Nimeichukua sasa hivi. Imeandikwa kwa mkono na karani wa mtaa, nanukuu: "Mnunuzi ameonyeshwa kiwanja, amekipima na ameridhika nacho jinsi kilivyo." Mstari unaofuata: "Muuzaji anathibitisha kiwanja hakina mgogoro wowote na kiko nje ya barabara."

Dada Karani
Mistari miwili inayovutana! Wa kwanza unakubebesha wewe, wa pili unambebesha mzee.

Wakili wa Mikese
Huo wa pili umebadilisha mawazo yangu, na ungekuja ukurasa wa kwanza tungeokoa muda. Achana kidogo na kifungu cha 20. Mzee *alithibitisha kwa maandishi* kwamba kiko nje ya barabara. Kifungu cha 18 kinahusu maelezo yasiyo ya kweli, na kinamgusa hata aliyesema kwa nia njema, alimradi amemfanya mwenzake akosee kuhusu kiini cha kile wanachouziana. Hatumwiti mzee mwongo.

Tofauti ni kubwa kwa mfuko wako. Kosa la pamoja likikubaliwa, mkataba ni batili kwa wote, hata mzee angeweza kuamka siku moja aseme nirudishie kiwanja. Maelezo yasiyo ya kweli yanampa *mnunuzi* uchaguzi chini ya kifungu cha 19: avunje, au aendelee.

Tatizo: kifungu hicho hicho kinasema huwezi kuvunja ikiwa ulikuwa na njia ya kuujua ukweli kwa uangalifu wa kawaida. Mzee atasema ofisi ya barabara ipo, ungeuliza.

Mwana wa Kiambu
Na atasema pia maneno "nje ya barabara" yalikuwa maoni yake juu ya sheria, si taarifa. Huku kwetu mawakili wangebishana hapo wiki nzima.

Kaka wa Msamvu
Uangalifu wa kawaida kwa mtu wa kijijini ni kumuuliza mwenyekiti. Mwenyekiti alikuwepo na akagonga muhuri. Mimi nasema ameutimiza.

Fundi Tepu
Mwenyekiti hana michoro ya barabara. Kwa mtu anayetaka kujenga fremu kando ya barabara kuu, mimi nasema uangalifu wa kawaida ni kwenda kuuliza wenye barabara. Gharama yake ni nauli.

Mnunuzi wa Kandokando
Niseme ukweli wakuu. Nikifikiri vizuri, kiwanja nakipenda. Nisingependa kukirudisha. Ninachotaka hasa ni mzee asamehe zile milioni 4, kwa sababu mita 7 kati ya 25 ni zaidi ya robo. Sheria ya kukosea inaweza kunipa hilo?

Wakili wa Mikese
Kukosea chini ya kifungu cha 20, hapana. Kinafuta mkataba wote na kila mmoja anarudisha alichopokea, hilo liko kifungu cha 65. Hakishushi bei. Mahakama haitawaandikia mkataba mpya wa milioni 10. Kifungu cha 19 kinakaribia zaidi: mtu aliyekubali kwa maelezo yasiyo ya kweli anaweza kushikilia mkataba utekelezwe na awekwe mahali ambapo angekuwa kama maelezo yale yangekuwa kweli. Namna ya kulitafsiri kwa pesa kwenye ardhi yenye X ya kijani, hapo majaji wawili wanaweza kukupa majibu mawili.

Simba wa Uzi
Sasa nimeelewa swali. Mpe mzee milioni 2 mkae mezani.

Dada Karani
Simba leo kasema. Ila mkikaa, andikeni upya, na muandike nani atachukua fidia ya mita 7 siku ikilipwa. Hiyo ikiachwa hewani mtarudi humu na uzi wa pili. Na msiende baraza la kata mkitarajia hukumu, siku hizi linasuluhisha tu.

Wakili wa Mikese
Nyongeza: usiendelee kulipa kimya kimya kila Jumamosi. Ukishajua kosa kisha ukaendelea kulipa na kujenga, utaonekana umechagua kubaki. Mwandikie mzee barua ya heshima kwamba unasimamisha malipo mpaka mpimwe upya. Madai ya mkataba yana miaka 6, lakini haki ya kuvunja inaweza kupotea mapema zaidi kwa matendo yako mwenyewe.

Kaka wa Msamvu
Bado naamini kifungu cha 20 kinatosha, hasa kwa ile hoja ya samaki wa Ayalandi.

Mwana wa Kiambu
Na mimi bado naamini kiwanja cha mita 18 ni kiwanja.

Mnunuzi wa Kandokando
Shukrani wote. Jumatatu naenda ofisi ya barabara kuomba mstari wa kati. @Fundi Tepu, wakikataa kuja na mpima wao, naweza kumleta wangu na vipimo vyake vikakubalika?

Fundi Tepu
Mlete mpima aliyesajiliwa, na mzee awepo siku hiyo, naye aweke saini kwenye vipimo. Mkipima bila yeye, atakuja kusema hajui mlisimama wapi.